Tona orijino au kompatibo: piga hesabu kabla hujatoa hela

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta Kariakoo, ulizia tona ya HP 05A, na kabla hujamaliza sentensi utarudishiwa swali: "Orijino au kompatibo?" Orijino itatajwa bei inayoweza kufika mara tano au sita ya ile nyingine. Muuzaji hana muda wa kukueleza kwa nini, na mara nyingi yeye mwenyewe ana maslahi upande mmojawapo. Mwongozo huu ni wa kukusaidia ujibu swali hilo ukiwa unajua unachokijibu. Mfano wetu mkuu utakuwa steshenari yenye printa ya HP LaserJet P2035, mashine iliyozagaa kwenye vijiduka vya karibu na vyuo, na tona yake ndiyo hiyo 05A.

Hatua ya kwanza: jua unauziwa nini

Sokoni kuna bidhaa nne, ingawa watu wanazungumzia mbili tu. Orijino imetoka kwa mwenye printa. Kompatibo imetengenezwa mpya na kiwanda kingine, ina jina lake kwenye boksi, na imeandikwa inaingia printa zipi. Ya tatu ni iliyojazwa: gamba ni la orijino lililokwisha, fundi amelifungua, amemwaga uchafu na kutia unga mpya, na pengine amebadilisha vipuri vya ndani, pengine hakubadilisha kitu. Ya nne ni feki, yaani kompatibo au iliyojazwa ambayo imevishwa boksi la HP au Canon na kuuzwa kwa bei ya orijino au karibu yake.

Kwa maoni yangu mjadala wa orijino na kompatibo unawafanya watu wasahau adui wa kweli, ambaye ni feki. Ukinunua kompatibo ya elfu arobaini na tano ikakuharibikia, umepoteza elfu arobaini na tano. Ukinunua feki kwa laki mbili na nusu, umelipa bei ya orijino ukapata mashaka ya kompatibo, na bado unatembea ukiamini uko salama. Kwa hiyo orijino inunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti ya EFD iliyoandika jina kamili la bidhaa, na boksi likaguliwe. Boksi za HP zina lebo ya usalama inayobadilika ukiigeuzageuza kwenye mwanga, na ina msimbo wa QR wa kuskani kwa simu. Bei ikiwa nusu ya wanayouza wengine wote, usihangaike na lebo, ondoka. Tanzania malalamiko ya bidhaa bandia yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Hatua ya pili: tafuta dramu iko wapi

Hili ndilo swali ambalo wateja hawaulizi, na ndilo linaloamua ukubwa wa hatari. Dramu ni ile silinda inayong'aa, mara nyingi ya kijani au bluu, inayochora picha ya ukurasa kabla unga haujahamia kwenye karatasi. Zima printa, chomoa katriji, yaani hilo gamba zima la tona, fungua kifuniko chake kidogo uchungulie kwa sekunde chache tu, kwa sababu dramu haipendi mwanga. Usiiguse kwa kidole.

Ukiiona silinda hiyo ndani ya katriji, kama ilivyo kwa 05A, 85A na nyingi za HP ndogo pamoja na Canon za LBP, una nafuu kubwa. Kila unapobadilisha katriji unabadilisha na dramu. Kompatibo mbovu ikikwaruza dramu, imejikwaruza yenyewe, na ukiitoa tatizo linaondoka nayo.

Usipoiona, yaani ulichochomoa ni kopo la unga tu, basi dramu imebaki mashineni. Ndivyo zilivyo Kyocera, na Brother ambazo dramu yake inauzwa peke yake. Hapo unga mbaya unaingia kwenye kiungo ambacho hukukusudia kukibadilisha leo wala mwakani, na hata ukirudisha orijino, mabaki yanaendelea kuchafua kurasa. Kwa printa za namna hiyo mimi hupandisha kiwango: ama orijino, ama kompatibo ya jina ambalo limeshatumika kwa muda mrefu kwenye mashine kama yako, si ile uliyokutana nayo leo kwa sababu ni rahisi.

Kiungo kimoja kinabaki hatarini kwa printa zote za leza: fyuza, ule mtambo wa joto unaoyeyusha unga ushike kwenye karatasi. Unga ambao haukutengenezwa kwa joto la printa yako unaweza kuganda kwenye utando wa fyuza, na fyuza haitoki na katriji. Gharama hiyo tutaiingiza kwenye hesabu.

Hatua ya tatu: hesabu ya ukurasa mmoja

Bei ya boksi haikuambii kitu mpaka uigawe kwa kurasa. HP wanasema 05A inatoa kurasa 2,300. Kipimo hicho kinafuata kiwango cha ISO/IEC 19752, na kwa lugha ya dukani ni ukurasa ambao unga umefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi, sawa na barua fupi. Mitihani ya zamani iliyoskaniwa ikiwa na ukungu wa kijivu nyuma inaweza kula mara mbili au zaidi ya hapo, kwa katriji ya aina yoyote.

Tuchukue steshenari yetu. Bei ninazoweka ni za mfano, weka za mtaa wako. Orijino iwe shilingi 280,000. Kompatibo iwe 45,000. Rimu ya karatasi 14,000. Mteja analipa shilingi 100 kwa ukurasa mweusi.

Orijino: 280,000 ukigawa kwa 2,300 ni kama shilingi 122 kwa ukurasa. Karatasi yenyewe ni 28. Jumla 150, na mteja amekupa 100. Umechapa kwa hasara ya hamsini, na bado hujalipa umeme, pango wala kijana wa dukani. Ukitaka kujua kwa nini karibu kila steshenari inatumia kompatibo au ya kujazwa, jibu ni hilo. Bei ya shilingi mia imejengwa juu ya tona ya bei rahisi.

Sasa kompatibo. Boksi litadai 2,300 vilevile, usilisadiki. Tuseme kwa kazi ileile imetoa 1,700. Hapo ni kama shilingi 26, jumlisha karatasi 28, unapata 54. Umebakiwa na 46.

Lakini hesabu hiyo ni ya siku nzuri. Tufanye ya siku mbaya. Umenunua kompatibo nne kwa 180,000, tatu zimetoa 1,700 kila moja, ya nne imeanza kuweka mstari mweusi ukaitupa kwenye kurasa 500, na muuzaji amekataa kuirudisha. Kurasa zako zote ni 5,600, na kila mmoja umekugharimu kama shilingi 32 za tona. Karatasi mia zimeharibika njiani, ni nusu shilingi kwa ukurasa. Halafu tuseme unga huo umeua fyuza baada ya kurasa 20,000, na fyuza pamoja na fundi ni 150,000: ongeza shilingi saba na nusu. Jumla imefika 40, kabla ya ile karatasi ya 28. Orijino ilikuwa 122. Hata mambo yakienda kombo, uko chini ya theluthi moja ya gharama.

Sasa hamisha printa hiyohiyo kwenye ofisi ya wakili inayochapa kurasa 150 kwa mwezi. Tofauti ya shilingi 90 kwa ukurasa inakuwa 13,500 kwa mwezi. Ni hela, lakini si hela ya kumweka karani achapishe mkataba upya mara tatu mteja akiwa amekaa kitini. Orijino moja itakaa ofisini hapo mwaka na zaidi. Huyo akinunua orijino sitamshangaa. Steshenari inayochapa kurasa mia tano kwa siku ikinunua orijino, nitamwuliza mwenyewe kama amewahi kushika kikokotoo.

Hatua ya nne: angalia kama printa itaikubali

P2035 na za kizazi chake hazina makuu kuhusu chipu, kile kipande kidogo kwenye katriji kinachoitambulisha kwa printa. Printa mpya ni habari nyingine. Tarehe 13 Septemba 2016 watu wengi wenye printa za HP OfficeJet waliamka wakakuta katriji zilizokuwa zikifanya kazi jana zimekataliwa, kwa sababu programu ya ndani ya printa ilikuwa imewekewa kizuizi cha chipu zisizo za HP. HP waliomba radhi baadaye na kutoa programu ya kuondoa kizuizi kwa printa zile, lakini utaratibu wenyewe haukufa. Kwenye LaserJet mpya, ukiweka chipu isiyokubalika utasoma maneno kama haya: `The indicated cartridges have been blocked by the printer firmware because they contain a non-HP chip.`

Kwa hiyo kabla ya kununua kompatibo ya printa mpya, fanya haya. Soma jina la printa hadi herufi ya mwisho. Ikiishia na "e", kama M110we au M209dwe, ni ya mpango wa HP+. Ikishaunganishwa na mpango huo inataka intaneti na haipokei isipokuwa orijino, basi. Usipoteze hela yako hapo. Kama si ya HP+, fungua ukurasa wa mipangilio wa printa kwa kuandika anwani yake ya IP kwenye kivinjari, kisha zima masasisho ya kujiendesha. Humo humo, kwenye mashine kama M404, tafuta `Supply Settings` na uhakikishe `Cartridge Policy` na `Cartridge Protection` zote ziko `Off`. Ya kwanza ikiwashwa inazuia katriji zisizo za HP. Ya pili inaifunga katriji kwenye printa hiyo moja milele, hata iwe orijino, usiweze kuihamishia nyingine.

Kuzima masasisho kuna gharama yake: masasisho hayohayo huziba matundu ya usalama. Kwa printa ya steshenari iliyochomekwa kwa waya wa USB halinisumbui. Kwa printa iliyo kwenye mtandao wa benki au hospitali, hapana, waulize watu wa TEHAMA kwanza.

Hatua ya tano: kwenye kaunta

Mwambie muuzaji aifungue mbele yako. Mazungumzo mazuri huwa mafupi:

"Kaka, ikiweka mistari naileta?"

"Leta, ila usiwe umeshaimaliza."

"Basi niandikie hapa kwenye risiti, siku saba."

Akiandika, anaijua bidhaa yake. Akianza kuzungukazunguka, umepata jibu. Ndani ya boksi katriji mpya, orijino au kompatibo, huwa na utepe wa kuvuta unaoziba chumba cha unga. Iliyojazwa mara nyingi haina, na hapo utaona unga umeshamwagika kwenye mfuko. Tazama pia skrubu na pembe za gamba: alama za bisibisi, gundi, au tundu lililochimbwa na kuzibwa kwa kizibo zinakuambia limeshafunguliwa. Si kosa kununua iliyojazwa, kosa ni kuilipia bei ya mpya. Na kama ni ya kujazwa, muulize fundi swali moja: uchafu wa zamani umemwaga? Katriji ina chumba cha unga uliofutwa kutoka kwenye dramu, na asipokimwaga kitafurika na kukutemea unga katikati ya kazi ya mtu.

Hatua ya sita: kurasa hamsini za kwanza

Itikise katriji taratibu kwa ulalo mara tano au sita, vuta utepe ukiwa umeunyoosha, iweke. Andika kwa makapeni kwenye gamba tarehe na idadi ya kurasa ambayo printa imeshachapa mpaka sasa. Utakapoitoa utajua imetoa ngapi kweli, na hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu ya hatua ya tatu, si ile ya boksi.

Chapa ukurasa wenye maandishi madogo, mraba wa kijivu na eneo kubwa jeupe. Uweke juani au chini ya taa. Sehemu nyeupe ikiwa na ukungu mwembamba wa kijivu, unga na dramu havipatani. Hilo haliponi lenyewe, irudishe. Kisha subiri karatasi ipoe, sugua maandishi kwa dole gumba. Yakihamia kwenye kidole, unga haukuyeyuka vizuri. Jaribu kubadilisha aina ya karatasi kwenye mipangilio iwe nzito zaidi ili fyuza iongeze joto. Bado yanatoka? Itoe, maana unga usioshika kwenye karatasi utashika kwenye fyuza.

Ukiona kidoa kinachojirudia kwenda chini ya ukurasa, chukua rula. Dramu ya 05A ina kipenyo cha milimita 24, kwa hiyo mzunguko wake mmoja ni kama sentimita 7.5. Kidoa kikijirudia kila sentimita saba na nusu, kosa liko kwenye dramu, yaani ndani ya katriji uliyonunua leo, na rula hiyo ndiyo ushahidi wako dukani. Kikijirudia kwa umbali mwingine, ni rola nyingine, na inaweza kuwa ya printa. Hapo weka katriji nyingine nzima ulinganishe kabla hujamlaumu mtu. Mstari mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini bila kukatika mara nyingi ni mkwaruzo wa dramu, au ulimi wa ndani ya katriji unaofuta unga kwenye dramu umechakaa.

Unga ukimwagika ndani, futa kwa kitambaa kikavu. Ukiingia kwenye nguo, kung'uta na ufue kwa maji baridi; maji ya moto yanaushikisha.

Waranti

Wauzaji wengi wa orijino watakutisha kwamba kompatibo inafuta waranti ya printa. Karatasi ya waranti ya HP haisemi hivyo. Inasema kutumia katriji isiyo ya HP, au iliyojazwa, hakuathiri waranti ya printa. Ila hitilafu ikiwa imesababishwa na katriji hiyo, utalipia muda wa fundi na vipuri. Ugumu uko kwenye "imesababishwa". Fundi akifungua printa akakuta unga umetapakaa kila mahali, huna la kumjibu. Akikuta rola ya kuvutia karatasi imekufa, tona haihusiki.

Kwa hiyo printa ikiwa bado ndani ya waranti, tumia ile katriji iliyokuja nayo, na kabla haijaisha kabisa itoe, irudishe kwenye mfuko wake mweusi uihifadhi mbali na mwanga. Mashine ikileta shida, iweke uone kama shida inabaki. Ikibaki, peleka printa ikiwa na katriji hiyo. Ikiondoka, umeokoa safari, tatizo lilikuwa la tona. Waranti ikishakwisha, mjadala huu nao umekwisha.

Wino wa maji: jibu linageuka

Usichukue hesabu ya tona ukaipeleka kwenye Epson za matangi. Chupa nyeusi ya Epson 103, ya mililita 65, imepangiwa kurasa 4,500. Hata ukiinunua kwa 35,000 ni kama shilingi nane kwa ukurasa. Kompatibo ikiwa nusu ya bei hiyo, umeokoa shilingi nne. Na kwenye Epson kichwa cha kuchapia kiko ndani ya mashine, hakitoki na chupa; wino mzito au wenye vipande ukiziba matundu yake, kukizibua kunakula wino mwingi wa kusafishia, na kubadilisha kichwa kunakaribia bei ya printa nyingine. Hapo nanunua orijino bila kufikiri mara mbili. Picha za pasipoti nazo huonyesha tofauti haraka: ngozi ya mtu ikitoka na rangi ya kijani au zambarau, mteja hataki kusikia habari za bei ya wino.

Katriji ndogo za HP na Canon ambazo kichwa kimo ndani yake ziko katikati. Zikijazwa na kuziba, unatupa katriji tu. Zijaze mara mbili tatu kwa kazi za kawaida kama huna namna, lakini zisikauke: chapa hata ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, na usiziache zikachapa mpaka tone la mwisho, kwa sababu kichwa hicho kinapozwa na wino uleule unaopita ndani yake.